Ofa ya "Mlete Mwenzako" kwa Dobi wa Mbeya: Namna ya Kuandika na Kutamka Masharti ya Zawadi Yakaeleweka

Ninaendesha dobi ndogo jijini Mbeya, yenye mashine mbili za kufulia, kamba za kuanikia uani na kaunta moja ambayo mimi na dada ninayefanya naye kazi tunapokezana. Wateja wetu wengi wapya huletwa na wateja wa zamani, na kwa miaka kadhaa sasa tumekuwa tukiwapa zawadi wanaotuletea watu. Mwongozo huu unaeleza namna ya kutunga maneno ya ofa hiyo: hesabu inayotangulia maneno, kadi, maneno ya kusema kaunta, ujumbe wa simu, na daftari. Nimetumia dobi kwa kuwa ndiyo kazi ninayoijua, na bei ninazozitaja ni za kaunta yetu, kwa hiyo weka zako mahali pake.

Nianze na kosa letu, kwa sababu masharti yote yanayofuata yalitokana nalo. Kadi yetu ya kwanza iliandikwa "Lete rafiki, ufue bure." Sisi tulikuwa na maana ya kilo moja ya nguo za kawaida, lakini kadi haikusema hivyo. Mama mmoja mwalimu alituletea jirani yake, na wiki iliyofuata akashuka kwenye bajaji na duveti mbili na zulia la sebuleni. Dada alipomwambia kwamba bure ni kilo moja tu, yule mama hakupandisha sauti. Aliilaza kadi juu ya kaunta, akaweka kidole chini ya neno "bure", akauliza: "Mwanangu, hapa pameandikwa kilo?" Hapakuandikwa. Tulilifua lile zulia bila malipo, na tulistahili hasara ile, lakini mama hakurudi tena, na jirani yake naye hakurudi.

Hesabu kwanza, maneno baadaye

Usiandike hata neno moja kabla ya kujua bili ndogo kabisa ya mgeni inakuachia kiasi gani. Kwetu, nguo za shilingi 10,000 hugharimu takriban shilingi 5,500 za sabuni, maji, umeme na ujira, kwa hiyo hubaki shilingi 4,500. Kiasi hicho ndicho kinachoamua ukubwa wa zawadi. Tukimpunguzia mgeni shilingi 2,000 na aliyemleta shilingi 2,000, tumetoa shilingi 4,000, na hata kwenye bili hiyo ndogo tunabaki na shilingi 500. Kwa hiyo tulipanga kwamba nguo za mgeni zianzie shilingi 10,000. Sharti hilo lisingekuwepo, mtu angeleta shati moja la shilingi 1,500 na sisi tungelipa ili tulifue.

Zawadi itajwe kwa shilingi, isitajwe kwa asilimia. Asilimia ishirini ya bili ya shilingi 10,000 ni shilingi 2,000, lakini mteja akileta mazulia ya shilingi 60,000, asilimia hiyohiyo ni shilingi 12,000. Utalazimika kuweka kikomo, kikomo kitahitaji sentensi nyingine, na sentensi hiyo ndiyo itakayoandikwa kwa herufi ndogo chini ya kadi ambako hakuna anayesoma. Lipo pia neno "hadi", kama katika "punguzo la hadi shilingi 10,000." Mteja husikia elfu kumi, nawe unajua kwamba watakaofikia elfu kumi hawatakuwepo. Mimi nimeliondoa kabisa neno hilo kwenye matangazo ya zawadi.

Zawadi iende kwa wote wawili, na kwa kiasi kilekile. Mteja akimwambia shoga yake "nenda kwa fulani, wanafua vizuri," kisha shoga agundue baadaye kwamba mwenzake alilipwa kwa maneno yale, ataona ameuzwa. Kiasi kikiwa sawa na kikiandikwa wazi kwenye kadi anayoishika mgeni mwenyewe, hakuna la kugundua.

Tulijadili pia kuweka majina kwenye ndoo na kuchagua mshindi mmoja wa blanketi jipya. Tuliacha. Bahati nasibu ni jambo linalosimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha na huhitaji kibali, na zaidi ya hapo watu tisa kati ya kumi waliotuletea wateja wangeondoka mikono mitupu.

Chagua miezi ambayo kazi yako inaweza kubeba wageni

Mbeya mvua hunyesha kuanzia karibu na Novemba hadi Aprili, na katika miezi hiyo blanketi linaweza kukaa kambani siku tatu likiwa bado na unyevunyevu kwenye pindo. Ukialika wageni wakati huo, watakuja, watacheleweshewa nguo, na aliyewaleta ataona aibu mbele yao. Sisi tunaendesha ofa kuanzia tarehe 1 Juni mpaka tarehe 31 Agosti. Ni miezi ya baridi kali, watu wanatoa mablanketi na duveti kabatini, lakini jua la mchana ni kavu na upepo upo, kwa hiyo kilichofuliwa asubuhi huweza kunyooshwa kesho yake.

Kadi

Kadi yetu ina ukubwa wa nusu ya kiganja na maandishi yote yana herufi za ukubwa mmoja. Haya ndiyo maneno yake kamili:

"Mlete mtu ambaye hajawahi kufua kwetu. Nguo zake zikifika shilingi 10,000, yeye atapunguziwa shilingi 2,000 kwenye bili hiyohiyo. Akishalipa, wewe utapunguziwa shilingi 2,000 kwenye bili yako inayofuata, hata ikiwa ndogo; kitakachobaki utakitumia safari nyingine. Kila mtu mpya utakayemleta ana shilingi 2,000 zake. Hatutoi fedha taslimu. Mgeni alete nguo mpaka tarehe 31 Agosti, siku hiyo ikiwemo, akiwa na kadi hii. Punguzo lako litumike mpaka tarehe 31 Desemba."

Nyuma ya kadi pana mstari mmoja wa namba ya simu ya mteja anayepewa kadi, na dada huiandika mwenyewe kwa kalamu kabla ya kumkabidhi.

Maneno hayo yanaonekana mepesi, lakini kila kipande kimewahi kutuletea ugomvi kilipokuwa kimeandikwa vingine. Mwanzoni tuliandika "rafiki", na wateja wakawa wanauliza kama dada wa tumbo moja ni rafiki. "Mtu" limemaliza swali hilo. Tuliwahi kuandika "mteja mpya", na kaka mmoja aliyefua kwetu mara moja miaka miwili nyuma akajiona mpya kwa haki kabisa. "Ambaye hajawahi kufua kwetu" haina mlango wa pili. "Kabla ya tarehe 31 Agosti" huwafanya wengine waelewe kwamba tarehe 30 ndiyo mwisho na wengine kwamba tarehe 31 imo, ndiyo maana tumeongeza "siku hiyo ikiwemo".

Jambo linalosahaulika zaidi liko ndani ya lugha yetu yenyewe. Tukisema "akilipa atapunguziwa 2,000," kiambishi "a" kinaweza kumtaja mgeni mara zote mbili, na kinaweza kumtaja aliyemleta mara ya pili. Tulipata mgeni aliyeamini kwamba atapunguziwa mara mbili, na aliyemleta akaamini kwamba yeye hana chake. Katika maandishi ya zawadi, "yeye" na "wewe" yaandikwe waziwazi hata pale ambapo mwalimu wa insha angesema yamezidi.

Maneno ya kaunta

Wakati mzuri ni mmoja: mteja anapochukua nguo zake, amezikagua, ameridhika na amelipa. Wakati wa kupokea nguo hajui bado kama utamfulia vizuri, na kumwomba akuletee mtu wakati huo ni kumwomba akudhamini gizani. Mtu akilalamika kwamba kifungo kimepotea au doa halikutoka, ofa isitajwe kabisa siku hiyo, kwani itasikika kama unamnyamazisha kwa punguzo.

Kwetu, dada hukunjua blanketi kidogo juu ya kaunta ili mteja aguse pindo na kuhakikisha limekauka. Mkono ukishaondoka kwenye pindo na fedha zikishapokelewa, ndipo anaanza. Hivi ndivyo mazungumzo yalivyokwenda na mama mmoja mtu mzima, mwezi Juni:

"Shikamoo tena mama. Kabla hujaondoka, nina neno moja la dakika moja tu."

"Marahaba mwanangu, sema."

"Ukimleta mtu ambaye hajawahi kufua kwetu, na nguo zake zikafika elfu kumi, yeye tunampunguzia elfu mbili. Akishalipa, na wewe mama tunakupunguzia elfu mbili utakapofua tena. Si fedha za mkononi, ni punguzo kwenye bili. Mwisho wa kuleta nguo ni tarehe thelathini na moja Agosti."

"Na nikileta wawili?"

"Ni elfu nne, mama. Kila mmoja na elfu mbili yake."

"Akileta shuka mbili tu?"

"Hazitafika elfu kumi, kwa hiyo hakutakuwa na punguzo, si kwake wala kwako. Ni vizuri umwambie mapema asije akaona tumemficha. Nikuandikie kadi?"

Dada alitamka mambo manne: nani anayehesabika, kiasi cha nguo, nani anapata nini na lini, na kwamba si fedha taslimu. Tarehe ikafuata. Alitamka sharti la elfu kumi kabla ya kutaja zawadi, katika sentensi ileile, kwa sababu mtu akishasikia zawadi masikio yake hupumzika na sharti linalofuata humpita. Mwisho aliuliza kama mama anataka kadi. Asiyetaka aachwe aende kwa salamu njema. Kumsukumia mteja kadi mkononi ni kumpa kitu cha kutupa kwenye mtaro wa barabarani.

Kwa kijana wa rika lake dada hubadilisha salamu na kusema "kaka" au "mwenzangu", lakini sentensi ya masharti haibadiliki. Nilimwomba aikariri kama ilivyo, nami nikaikariri, kwa kuwa tulipokuwa kila mmoja anaieleza kwa namna yake, wateja wawili wa nyumba moja walifika na ahadi mbili tofauti.

Tusiombe namba za marafiki. Zamani tulikuwa tunasema "nipe namba za watu watatu niwapigie." Watu hao hawakuturuhusu, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika mwezi Mei 2023, kukusanya namba ya mtu bila yeye kujua ni jambo linaloweza kukuingiza matatani. Kadi inaondoa tatizo hilo, kwani mgeni ndiye anayeamua kuja na ndiye anayetupa namba yake kwa mkono wake.

Ujumbe wa simu

Kwa wateja waliokubali kupokea ujumbe, tunatuma huu mara moja tu, mwanzoni mwa Juni:

```
Dobi wako: Mlete mtu ambaye hajafua kwetu. Nguo zake zikifika 10,000, atapunguziwa 2,000. Akilipa, nawe 2,000 bili ijayo. Si fedha taslimu. Mwisho 31/8.
```

Ukihesabu herufi, nukta na nafasi, zinafika 152, na ujumbe mmoja wa kawaida hubeba 160. Ukitaka kuongeza kitu, zimebaki nane tu, na ushauri wangu ni kwamba usiondoe sharti lolote ili kupata nafasi ya sifa. Kuna mtego mdogo ambao waandishi wa Kiswahili huangukia bila kujua. Baadhi ya simu zinapoandika neno lenye ng', huweka alama ya juu iliyopinda badala ya iliyonyooka. Alama hiyo, sawa na kikaragosi cha tabasamu, haimo katika herufi za kawaida za ujumbe mfupi, na ikiingia hata moja, nafasi hushuka kutoka 160 hadi 70. Ujumbe huohuo wa herufi 152 hukatwa vipande vitatu, nawe hulipishwa mara tatu. Tulipoandika "nguo zitang'aa" mwishoni mwa ujumbe, salio la vifurushi liliisha kabla hatujafika nusu ya orodha.

Mgeni akifika

Mgeni akitoa kadi, dada hutafuta namba ya simu ya mgeni kwenye daftari. Isipokuwepo, anaandika mstari mmoja: tarehe, namba ya aliyemleta, namba ya mgeni, kiasi cha bili, siku aliyolipa, na mwisho nafasi tupu ya kuandika siku ambayo aliyemleta ametumia punguzo lake. Nafasi hiyo tupu ndiyo deni letu, na ninaipitia kila Jumamosi.

Akija bila kadi lakini akamtaja aliyemtuma, tunamkubalia ikiwa anaweza kutaja namba ya simu ya huyo aliyemtuma. Ikionekana kwamba aliwahi kufua, maneno ni haya: "Samahani kaka, namba yako ninaiona hapa tangu Februari, na ofa hii ni ya mtu ambaye hajawahi kufua kwetu. Ila unaweza kuchukua kadi yako na wewe ukamleta mtu." Asioneshwe daftari lenye namba za wengine, aambiwe mwezi tu.

Udanganyifu upo, ila ni mdogo kuliko watu wanavyohofia. Wengi wana laini mbili au tatu, kwa hiyo mtu anaweza kuja na namba nyingine akajifanya mgeni. Wanachuo wawili wanaoishi chumba kimoja waliwahi kufanya jambo la karibu na hilo: begi lilikuwa lilelile la bluu, na shuka zilikuwa zilezile zenye maua. Dada alizitambua. Tuliwapa punguzo, kwa sababu kadi ilisema "mtu" na yule wa pili kweli hakuwahi kufika kaunta. Kumhoji mtu kuhusu shuka zake mbele ya foleni kungetugharimu zaidi ya shilingi 4,000. Ukiona mchezo huo umejirudia mara tatu kwa namba moja, hapo ni sahihi kuzungumza na mwenye namba pembeni, kwa sauti ya chini.

Mgeni akishalipa, aliyemleta apelekewe taarifa siku hiyohiyo, bila kusubiri aulize: "Mama, uliyemleta amelipa leo. Una punguzo la 2,000 kwenye bili yako ijayo, mpaka 31/12. Asante sana." Usitaje mgeni alileta nini wala alilipa kiasi gani, nguo za mtu ni siri yake. Ujumbe huu umetuletea wageni wengi kuliko ule wa mwanzoni mwa Juni, kwa sababu aliyepata punguzo lake bila kudai huwaambia wenzake kwamba jambo lile ni la kweli.

Kupima mwisho wa mwezi

Mfano wa Juni moja: tulitoa kadi 40, wakaja watu tisa wenye kadi. Wawili walikuwa wameshawahi kufua, mmoja nguo zake hazikufika shilingi 10,000, wakabaki sita. Bili zao kwa wastani zilikuwa shilingi 12,000, na kila moja ilituachia takriban shilingi 5,400, jumla shilingi 32,400. Zawadi za watu sita na sita waliowaleta ni shilingi 24,000. Kilichobaki ni shilingi 8,400, ambazo hazitoshi kujivunia. Mwezi Julai wanne kati ya sita walirudi kwa bei kamili, na namba hiyo ya wanne ndiyo ninayoitazama. Angekuwa amerudi mmoja tu, ningejua kwamba tunanunua watu wa kupita, na kasoro ingekuwa kwenye ufuaji, isingekuwa kwenye kadi.

Ukitaka kubadilisha kiasi cha zawadi, badilisha kwa kadi mpya zenye tarehe mpya, na kadi za zamani zilizo mikononi mwa watu ziheshimiwe kama zilivyoandikwa mpaka siku yake. Tarehe 1 Septemba asubuhi tunaondoa karatasi ya ofa ukutani na kuacha kutoa kadi. Aliyeleta nguo tarehe 31 Agosti jioni na kuja kulipa tarehe 3 Septemba anapewa punguzo lake, na aliyemleta anapewa lake, kwa sababu kadi ilisema siku ya kuleta nguo.